Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili akae darasa gani?

Mwalimu wa Bombo: Nafundisha Kiswahili Sinia Wani. Wengi darasani hawakujua hata kujibu salamu walipofika. Lakini nina wachache waliolelewa kwa Kiswahili nyumbani: watoto wa askari, mmoja ambaye mama yake ni mtu wa Mombasa, na msichana wa familia iliyotoka Kongo. Shule yote tangu Praimari Wani wamesoma kwa Kiingereza. Wanaongea vizuri, lakini mtihani wa muhula uliopita wamepitwa na wanaoanza. Mwenzangu anataka wapewe darasa lao. Mkuu wa shule anasema wasamehewe somo, kwani wanajua tayari. Ninyi mnaonaje?

Dereva wa Malaba: Mwalimu, mkuu wako amesema kweli. Anayeongea lugha anaijua. Mimi napita mpakani kila wiki, nafanya biashara na Wakenya na Watanzania, sijawahi kuulizwa ngeli. Waacheni hao watoto wakafanye hesabu.

Mzee wa Masindi: Dereva, kuongea ni kitu kimoja, mtihani ni kingine. Nimefundisha somo hili hadi nikastaafu, na wa kambini ndio walionichosha. Kile Kiswahili kiko jeshini tangu enzi za KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, kina njia zake. Mtoto anakuambia "watu mbili", unamsahihisha Jumatatu, Ijumaa amerudia. Asiyejua kitu unamjenga kuanzia msingi, huyu unaanza kwa kubomoa. Kwa maoni yangu akae na wanaoanza, aanze a-e-i-o-u kama wao, asahau ya nyumbani.

Mkufunzi, Kampala: Mzee wangu, shikamoo. Kwamba mazoea ya utotoni ni magumu kubadilika, nakubaliana nawe. Mtoto anayeeleweka kila siku haoni sababu ya kubadili chochote. Lakini kumwambia asahau ni kutupa kitu ambacho mwanafunzi anayeanza hatakipata hata kwa miaka minne ya sekondari.

Mwalimu, nakisia mtihani wako ulikuwa wa kugeuza umoja kuwa wingi, kukanusha na kutaja ngeli. Anayeanza amekariri jedwali la ngeli juzi, bado liko kichwani. Aliyelelewa kwa lugha hajawahi kuliona. Kiswahili kilimwingia kwa masikio, uani na jikoni, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu kinaitwa KI-VI. Ukimuuliza kwa kalamu anakwama. Wape picha wasimulie kwa mdomo, utaona anayekwama ni nani. Silvina Montrul na wenzake walilikuta hilo hilo kwenye Kihispania huko Marekani: waliojifunza darasani walifanya vizuri zaidi kwenye kazi za kuandika, waliokisikia nyumbani wakafanya vizuri zaidi kwenye kazi ya kusema. Kwa hiyo mtihani wako ulipima upande mmoja tu, na bahati mbaya ni upande ambao hawa ni dhaifu.

Nguvu yao iko kwenye matamshi, kiimbo, amri, maswali, hadithi, na kuelewa mtu anayesema haraka. Udhaifu unaanza pale ambapo mazungumzo ya nyumbani yanaishia. Mtoto huyu alipofika miaka sita shule ilimchukua mchana kutwa, na mambo ya shule yakaja kwa Kiingereza. Anajua sufuria, mwiko, lala, leta maji. Hajui "sababu", "tofauti", "ongezeko", wala sentensi ndefu zenye "ambaye" na "ingawa". Na hajawahi kuiona lugha yake imeandikwa.

Lapwony wa Gulu: Mimi naona tunazunguka. Serikali ilishasema tangu 2007 kwamba Praimari Wani hadi Thrii vijijini wasome kwa lugha ya nyumbani. Tatizo ni shule za mjini kuachwa nje. Mimi ni Macholi niliyekulia Kampala. Bibi akisema nasikia kila kitu, nikitaka kumjibu maneno hayatoki, na gazeti la Kiacholi linanishinda ukurasa wa kwanza. Kosa ni la sera.

Mkufunzi, Kampala: Ndugu yangu, swali la Mwalimu ni la Sinia Wani na Kiswahili, hiyo sera ya Praimari ni mada nyingine. Ila hali yako ni ya hao watoto hasa: sikio limebaki, mdomo umenyamaza, jicho halijawahi kufunzwa.

Sasa Mwalimu, kabla ya kuwapangia darasa, jaribu kitu. Chukua picha nne zinazosimulia kisa. Mtoto asimulie kwa mdomo, umrekodi kwa simu. Halafu msomee sentensi kumi naye aonyeshe picha inayofaa, asiseme neno. Halafu akiandike kile kisa. Mwisho, na hili ndilo walimu wengi wanaliruka, mzazi wake asimulie picha zile zile. Bila kumsikia mzazi huwezi kujua kama mtoto amepoteza kitu au amerithi alichopewa.

Hajati wa Arua: Walimu, mimi nina swali la mzazi. Kiswahili changu ni hicho hicho cha kambini, marehemu mume wangu alikuwa askari. Baada ya 1979 tuliogopa hata kukisema sokoni, watu walikuwa wanakiona cha wanajeshi wa Amin. Wanangu nikawaongelesha ndani ya nyumba tu. Shemeji zao kutoka Mombasa wakija wanawacheka, na sasa mdogo ananijibu Kiingereza. Je, niache, nisiwaharibie ya shuleni?

Mkufunzi, Kampala: Hajati, usiache. Anayekujibu Kiingereza bado anakusikia, na sikio hilo ndilo mwalimu atajengea. Ukiacha, hatapata Kiswahili sanifu badala ya chako, atabaki bila chochote. Ongea na hao wanaocheka, waache. Mtoto akichekwa mara mbili tatu hunyamaza, na anayenyamaza hafanyi zoezi.

Mwalimu wa Bombo: Nimejaribu na watoto watatu, na wazazi wakaja. Picha zilikuwa za watoto wawili wanaocheza mpira, mpira unaingia mtoni, mama anafika, mwanamume anautoa.

Wa kwanza ni wa kambini. Alisimulia bila kusita hata mara moja: "Watoto mbili walikuwa nacheza mpira. Mpira yao ikaingia kwa maji." Mama yake naye: "Watoto mbili", "mpira yao ikaingia". Yale yale. Sentensi kumi zote alionyesha sawa, hata ile ya "mama alipofika, mpira ulikuwa umeshatolewa". Kwenye karatasi akaandika "Wato to mbili wali kuwa na cheza". Nilidhani hajui wingi. Kumbe hajui neno linaanzia wapi na kuishia wapi.

Wa pili ni msichana wa Kongo. "Batoto balikuwa banacheza mupira, njo mama yabo alikuya." Mama yake vile vile. Wenzake walicheka, akakatiza. Sasa naelewa kwa nini huwa anaandika mistari miwili tu.

Wa tatu ndiye aliyenishangaza. Mama ni wa Mombasa, anasema "mpira wao ukaingia majini" kama kitabu. Mtoto ni kitinda mimba wa watano. Sentensi kumi alionyesha tisa. Kusimulia, akaanza "Watoto wawili...", akasema "mpira yao", halafu akamalizia kwa Luganda. Dada yake mkubwa alimaliza kisa chote kwa Kiswahili.

Mkufunzi, Kampala: Umenifurahisha sana, Mwalimu. Ona basi: "mpira yao" ya mtoto wa kwanza na "mpira yao" ya wa tatu zinafanana kwa maandishi, na kwa kalamu nyekundu ni kosa moja. Lakini si ugonjwa mmoja.

Wa kwanza hajapoteza chochote. Amejifunza kikamilifu lugha ya mama yake, na lugha hiyo haina upatanisho wa ngeli kama wa kitabuni. Ukimrudisha nyumbani asikie zaidi, atasikia "mpira yao" zaidi. Huyu anahitaji kuonyeshwa waziwazi, aliyonayo upande huu na ya kitabuni upande wa pili, na asome sana kwa sauti.

Wa tatu nyumbani kwake upatanisho upo, ila haukumfikia vya kutosha. Kitinda mimba huongeleshwa zaidi na ndugu zake, nao wameshaingia shule na lugha ya shule. Dada mkubwa alipata miaka ya kusikia mama peke yake. Huyu ukimlundikia kanuni hutamsaidia sana. Anahitaji saa nyingi za kusikia na kulazimika kujibu, kuanzia na mama yake.

Na msichana wa Kongo usimwite mwenye upungufu wa ngeli hata kidogo. "Batoto balikuwa banacheza", "mama yabo": upatanisho umefuata kila mahali. Anabadilisha ba- kuwa wa- na anakuwa amefika. Huenda akawa wa kwanza darasani kwako kabla mwaka haujaisha.

Mzee wa Masindi: Maelezo mazuri, binti yangu, na hilo la mama wa Mombasa sikuwahi kulifikiria. Lakini kwenye mtihani wa taifa hakuna atakayeuliza mama yako anasemaje. "Yabo" ni kosa, na "mpira yao" ni kosa.

Mkufunzi, Kampala: Ni kosa kwenye mtihani, Mzee, sibishi. Mimi nasema dawa zake ni tofauti.

Dereva wa Malaba: Basi mbona darasa lao peke yao lisiwe? Mmesema wenyewe hawafanani na wanaoanza.

Mwalimu wa Bombo: Ndugu Dereva, hawafanani hata wao kwa wao. Na nina watoto zaidi ya sabini, chumba kimoja, mimi peke yangu.

Mkufunzi, Kampala: Kwa hiyo usigawe chumba, gawa kazi. Wanaoanza wakiimba salamu na majina ya vitu, hawa wapewe imla. Anza na sentensi zao wenyewe ulizorekodi. Wazisikie, waziandike, wachore mstari mahali neno linapoisha. Tatizo la "wali kuwa" huwa linaisha mapema kuliko yote kwa sababu kitenzi wanakijua, ni kukiona tu. Ukiona kila neno limeandikwa zima, ingia kwenye ngeli, moja moja, ukianza na M-WA halafu KI-VI. Na wakati wa mazoezi ya kusikiliza, wao ndio wasome, wanaoanza wasikilize. Usiwafanye walimu wasaidizi. Wakiulizwa "kwa nini" hawataweza kujibu, na wataaibika.

Lapwony wa Gulu: Hiyo ya imla kwa sauti yako mwenyewe naichukua kwa Kiacholi changu.

Mwalimu wa Bombo: Imla naanza Jumatatu. Bado sijui nifanye nini na "yabo" kwenye insha ya msichana. Nikiikata kila mstari ataandika mistari miwili tena. Nikiiacha, Mzee ana haki.

Mzee wa Masindi: Ikate.

Mkufunzi, Kampala: Insha ipe alama mbili, moja ya kisa na moja ya lugha. Kwenye ya lugha, ikate mara ya kwanza tu na umwandikie pembeni "yao". Zilizobaki azitafute mwenyewe.

Mzee wa Masindi: Asipozipata?

Mkufunzi, Kampala: Hapo utakata wewe, Mzee.