Tupeane uzoefu: ukiulizwa "na risiti au bila?"

Mjenzi wa Nkuhungu
Wakuu, juzi nimekwenda mjini kununua mabati. Muuzaji akabonyeza kikokotoo akaniambia, "Na risiti 1,180,000. Bila risiti nakuachia 1,050,000." Mashine ya EFD ilikuwa pale kaunta, imefunikwa kitambaa. Nikalipa bila risiti, na hadi leo roho inanisuta. Ile 130,000 aliitoa mfukoni kwake? Wenye kisa kama hiki tupeane uzoefu.

Dada wa Sabasaba
Pengo la kodi, yaani kodi inayodaiwa lakini haijalipwa, liko kwetu wadogo, tusisingiziane. Nauza viatu vya mitumba, na wenzangu wengi hawana hata TIN.

Karani wa Majengo
Dada, kutojiandikisha kunachangia, kweli. Ila ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato, na asichodaiwa mtu hakiingii kwenye pengo.

Mjenzi, nimeshika vitabu vya maduka ya vifaa vya ujenzi miaka mingi. Bei ya mabati yako ni 1,000,000, na VAT ya asilimia 18 ni 180,000. Tuseme yeye aliyachukua kwa 700,000 akalipa VAT 126,000. Kwa haki angepeleka TRA tofauti tu, 54,000. Sasa mauzo yako hayamo kwenye ritani yake, lakini ankara ya kununulia imo. Ile 126,000 anaikata kwenye kodi ya wateja wengine. Kwa hiyo 180,000 yote imepotea: wewe umeondoka na 130,000, yeye kabaki na 50,000. Hakutoa chochote mfukoni. Na faida ya mauzo hayo nayo imefichika.

Anayefanya hivyo hujulikana: kila mwezi manunuzi yanazidi mauzo, ukifungua stoo mzigo haumo. Kama naye alinunua bila risiti, hapo hakuna pa kuanzia.

Muuza maturubai, Kibaigwa
Mimi risiti natoa. Kuna kampuni nimeipa mzigo na ankara, mwezi wa tano huu haijanilipa. VAT yake nilitakiwa kuilipa tarehe 20 ya mwezi uliofuata. Nimetangaza kila kitu, fedha sina, riba inapanda. Na mimi ni mkwepaji?

Karani wa Majengo
Hapana ndugu yangu, hukuficha. Lakini deni hilo limo kwenye pengo hadi ulilipe. Andika barua uombe kulipa kwa awamu, usingoje waje. Riba haitasimama kwa sababu ya barua, hilo lijue.

Dada wa Sabasaba
Na mnunuzi je, hana kosa?

Karani wa Majengo
Analo. Sheria inamtaka adai risiti.

Mjenzi wa Nkuhungu
Nimewaelewa. Nimebakiza mabati ya baraza, na duka ni lile lile. Kuna aliyewahi kurudi akaongeza hela, akapewa risiti ya mzigo wa kwanza?