Kopo la chokoleti ya kunywa liruhusiwe kuandikwa "rafiki wa moyo"?

Rehema, Mbezi: Nimeona dukani kopo la chokoleti ya kunywa limechorwa moyo mwekundu, na chini yake imeandikwa kwamba flavanoli, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye kakao, husaidia mishipa ya damu. Mama yangu ana presha, na kwa maneno hayo sasa anakunywa vikombe viwili kila siku. Je, ni haki kopo kama hilo kuruhusiwa kusema hivyo, au sukari iliyomo inaharibu faida yote?

Mkulima wa Kyela: Waruhusiwe, kwa sababu ni kweli. Kuna watu wanaitwa Wakuna, kwenye visiwa vya San Blas kule Panama. Kakao ndicho kinywaji chao tangu enzi za mababu. Daktari wa Harvard, Norman Hollenberg, aliwapima akakuta presha yao haipandi na umri, lakini wenzao waliohamia Jiji la Panama inapanda kama kwetu sote. Kakao haina kosa, kosa ni la anayemimina sukari. Punje yangu ikishachachushwa sandukuni na kuanikwa vizuri, ina kila kitu.

Mwanateknolojia wa chakula, Morogoro: Habari za Wakuna ni za kweli, mzee wangu, ila aliyehamia mjini alibadilisha mambo mengi ya maisha, si kikombe peke yake. Na kwenye punje hapo nakupinga kidogo. Flavanoli huanza kupungua humohumo sandukuni, katika zile siku tano au sita za kuchachusha, kisha hupungua tena zinapokaangwa. Hatuwezi kuacha kuchachusha, maana bila hatua hiyo harufu ya chokoleti haipatikani.

Lakini hasara kubwa iko kiwandani, unga unapotiwa alkali, mara nyingi potasiamu kabonati, ili ukali uondoke, rangi ikolee na unga uchanganyike vizuri na maji. Njia hiyo ilitoka kwa Van Houten, Mholanzi wa karne ya 19. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima unga wa aina mbalimbali. Ule wa asili ulikuwa na wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli kwa gramu. Uliotiwa alkali kidogo ulibaki na 13.8, na uliotiwa nyingi ukabaki na 3.9 tu.

Sasa tukichukulie kikombe cha mama yake Rehema. Sheria ya Ulaya inataka chokoleti ya kunywa iwe na angalau asilimia 25 ya unga wa kakao, na sehemu kubwa ya kinachobaki kwa kawaida ni sukari. Tuseme kopo lake linafikia kiwango hicho, na kila kikombe anatia gramu 20. Hapo kakao ni gramu 5, sukari inakaribia 15, yaani karibu vijiko vinne vya chai. Kama unga umetiwa alkali nyingi, flavanoli zote ni kama miligramu 20. Gramu 5 hizohizo za unga wa asili zingempa kama 170, na sukari angeamua mwenyewe.

Bi Salma: Mimi mwanangu wa miaka mitatu nampa kila asubuhi pamoja na uji na amenenepa vizuri. Nilisikia hizo flavanoli zinaongeza damu, au nimeelewa vibaya?

Muuguzi, Kisumu: Dada Salma, haziongezi damu. Kakao, kama chai ya rangi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na mboga. Kwa mtoto wa umri huo, uji umpe peke yake, na kinywaji hicho akipate saa nyingine, kidogo. Na kunenepa kwake kunaweza kuwa ni sukari tu.

Nikirudi kwenye swali, mimi siruhusu. Wagonjwa wa presha ninaowaona kliniki wakisoma "rafiki wa moyo" hawafikirii miligramu, wanafikiria wamepata dawa. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, yalijumlisha majaribio 35. Waliotumia kakao kwa wastani wa miligramu 670 za flavanoli kwa siku walishusha presha kwa chini ya alama 2. Wenye presha ya juu tayari walipata nafuu zaidi, kama alama 4 kwa namba ya juu ya kipimo. Kwa vikombe vya miligramu 20, mama angehitaji zaidi ya 30 kwa siku kufikia 670.

Mkulima wa Kyela: Lakini kuna utafiti mkubwa wa Marekani, COSMOS, watu zaidi ya 21,000. Vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 27!

Muuguzi, Kisumu: Vilipungua, na mimi sikidharau kipimo hicho. Ila lengo kuu la utafiti lilikuwa jumla ya matukio ya moyo na mishipa. Hayo yalipungua kwa asilimia 10, kiasi ambacho kitakwimu huwezi kukitofautisha na bahati. Kampuni ya chokoleti ilichangia fedha pia. Na lililo kubwa kwa mjadala wetu: wale wazee walimeza vidonge vyenye miligramu 500 kwa siku. Hawakunywa kikombe chenye sukari. Mwenye kopo hana haki ya kuazima matokeo ya kidonge.

Abuu Asha, Maskati: Mbona hamtaji maziwa? Huku tunapika kwa maziwa yenye mafuta yote. Nimesoma kwamba maziwa yanazikamata flavanoli zisiingie mwilini, basi hata huo unga wa asili ni bure.

Mwanateknolojia wa chakula, Morogoro: Hilo lilitokana na jaribio la mwaka 2003 la chokoleti na maziwa. Majaribio mengine hayakuona tofauti ya maana, na wataalamu bado wanabishana. Mimi singemkataza mtu maziwa kwa sababu hiyo. Mafuta ndiyo ya kuangalia. Unga wa kawaida una asilimia 10 hadi 12 ya siagi ya kakao, kwa hiyo gramu 5 zinakupa nusu gramu tu. Kikombe cha mililita 250 za maziwa yenye mafuta yote kinaleta kama gramu 8 au 9. Mafuta ya kikombe chako, Abuu Asha, yanatoka kwa ng'ombe.

Kuhusu sheria simfuati muuguzi moja kwa moja. Ulaya imekubali maneno ya aina hiyo kwa sharti kwamba chakula kimpe mtu miligramu 200 kwa siku. Marekani mwaka 2023 iliruhusu maneno yenye tahadhari nyingi, tena kwa unga maalumu wenye angalau asilimia 4 ya flavanoli. Unga wa kawaida na chokoleti vikaachwa nje. Nasi tuseme hivyo: anayetaka kuchora moyo aandike miligramu kwa kikombe, na kando yake gramu za sukari.

Rehema, Mbezi: Nimelisoma kopo. Sukari ndiyo ya kwanza kwenye orodha, kakao ni ya pili na mbele yake kuna E501. Nikimtafutia unga mtupu, nitajuaje kama ni wa asili?

Mwanateknolojia wa chakula, Morogoro: E501 ndiyo hiyo potasiamu kabonati. Unga wa asili una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu na uchachu kidogo ulimini. Koroga kijiko kwenye maji ya moto, tia magadi soda ya kupikia kidogo. Ukitoa povu, bado una asidi yake. Uliotiwa alkali nyingi hutulia tu. Haikuambii miligramu, inakuambia alkali peke yake.

Muuguzi, Kisumu: Na dawa zake asipunguze hata kidonge kimoja, Rehema, kakao iwe ya asili au isiwe.

Mkulima wa Kyela: Haya, miligramu ziandikwe. Lakini kupima kila shehena ni gharama, na mwenye kiwanda ataikata kwenye bei ya kilo yangu. Hilo bado hamjanijibu.