Kachoka na nini?

*Kikundi cha familia: Wajukuu wa Bibi, Tanga*

Idi: Nimempokea baba mdogo stendi ya Mbezi. Kachoka mbaya.

Mama Rehema: Yarabi! Duka limemshinda? Nimtumie elfu hamsini?

Idi: Shangazi, ni safari tu. Basi liliharibika njiani. Na ana ubao balaa.

Babu Shomari: Ubao wa nini? Mwambie fundi wangu anasubiri mbao za dari.

Rehema: Babu, ubao ni njaa 😂😂

Juma (Nairobi): Huku mtu akichoka, amechoka tu, alale. Asiye na pesa ndiye amesota.

Dada Salama: Idi, ungeandika "nimechoka mbaya", sote tungejua umepiga kazi. Ukimsema mtu mzima kwamba "kachoka mbaya", asiyemwona anapata picha ya shati lililopauka na kandambili zilizokatika. Hapo unasema kafulia.

Idi: Kumbe ni tusi.

Dada Salama: Inategemea. Kijiweni wangeelewa, maana wanamwona anapiga miayo. Sisi tuko Tanga, tunasoma maandishi matupu. "Kachoka na safari" ingetosha.

Baba Mdogo: Nimesoma yote. Sijafulia, lakini hiyo elfu hamsini isirudi.

Mama Rehema: 😂 Kula kwanza.

Idi: Basi kwa wakubwa nitasema wazi tu: njaa, uchovu. Mambo ya ubao niwaachie washikaji.

Dada Salama: Nusu umepata. Ukweni hata "nina njaa" ni nzito, kama unawadai chakula. Sema "leo nimetoka bila chai", mama mkwe atanyanyuka mwenyewe kwenda jikoni.

Juma (Nairobi): Mimi nilisema hivyo kwa kina mke wangu, nikaletewa chai. Chai tu! Nililala njaa.

Dada Salama: 😂 Basi kwenu sema "sijatia kitu tumboni".

Rehema: Mama naye akipiga kelele "yamenifika kooni!", tunajua hasira zitapita, tunaendelea na tivii. Akisema taratibu "wanangu, nimechoka", hakuna anayebaki amekaa. Neno halina chumvi hata kidogo, ila ndilo linalotutisha.

Mama Rehema: Na masufuria ya jana bado yapo.

Rehema: Naenda mama 🏃🏾‍♀️

Idi: Kweli. Hata zahanati siku ile nilimwambia nesi "niko hoi", akacheka akaendelea kuandika. Niliposema nachoka nikipanda ngazi chache na chakula hakipandi, ndipo akaniandikia vipimo.

Babu Shomari: Sisi tulisema hoi bin taabani. Hayo nayo ni maneno ya mitaani?

Rehema: Hiyo ya watangazaji wa mpira, babu.

Babu Shomari: Watangazaji gani! Mama yangu alikuwa akisema, na redio hakuwa nayo.

Dada Salama: Mimi naona ni ya mzaha, ila imezeeka hadi ikaheshimika.

Juma (Nairobi): Basi tungojee na ubao uzeeke.

Babu Shomari: Labda nikishazikwa. Na mbao zangu je?