Umeme umekatwa kwa deni: awamu za kila mwezi, mita ya tokeni, au nikope nilipe yote?

Mama wa Wawili
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nimekatiwa umeme kwa deni la 48,000. Mkononi nina 13,000, na kwa mwezi siwezi kutoa zaidi ya 6,000 kwa umeme wote, wa zamani na wa sasa. Bili yangu ya kawaida ni kama 3,000. Ofisini wamenitaka nilete nusu ya deni, kisha nimalize iliyobaki kwa miezi mitatu. Dirisha la pili wakaniambia naweza kubadilishiwa mita niwekewe ya tokeni, deni liwe linakatwa asilimia 40 kila ninaponunua. Shemeji naye ananiambia nikope nilipe yote kwa mkupuo. Nisaidieni kulinganisha, watoto wanasoma kwa mshumaa.

Kijana wa Sola
Dada, achana nao. Nunua paneli moja na betri, taa na simu vinakutosha kabisa.

Mama wa Wawili
Asante kaka, ila deni liko kwa jina langu hata nikiwasha sola. Na nina friji ya biashara.

Mstaafu wa Mita
Pole mwanangu. Nimekaa dawati la madeni miaka mingi, nitakueleza tulivyokuwa tunatazama maombi kutoka upande wa pili wa meza.

Hilo la nusu na miezi mitatu ndilo jibu la kwanza anapewa karibu kila mtu. Lipige hesabu kabla hujalikubali. Nusu ni 24,000, na huna. Hata ungekuwa nayo, zingebaki 24,000 kwa miezi mitatu, yaani 8,000 kwa mwezi. Juu yake kuna bili ya mwezi huo, 3,000. Hapo ni 11,000, na wewe uwezo wako ni 6,000. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanahesabu awamu, wanasahau kwamba umeme wa sasa nao unalipwa kikamilifu. Ukilipa awamu ukaacha bili, makubaliano yamevunjika, unakatwa tena na deni lote linadaiwa papo hapo. Ombi la pili hupokelewa kwa ugumu kuliko la kwanza.

Ombi lako lianzie kwenye 6,000. Toa bili ya 3,000, inabaki 3,000 ya deni. Ukitanguliza 13,000, zinabaki 35,000, ambazo kwa 3,000 zinaisha ndani ya miezi 12. Omba miezi 12. Andika barua, usiishie kusema dirishani, kwa sababu anayekaa dirishani mara nyingi hana mamlaka ya kuvuka miezi mitatu. Barua ndiyo inayompandia mkubwa wake.

Ila kabla ya yote hayo, hilo deni umelikagua? Chukua bili zako uangalie ni zipi zimesomwa kwenye mita na zipi zimekadiriwa.

Tokeni Tu
Mzee Mstaafu unamzungusha dada wa watu. Mita ya tokeni ndiyo suluhisho. Hakuna kukatwa tena, deni linajilipa lenyewe.

Mstaafu wa Mita
Kuhusu kutokatwa uko sahihi, kijana. Ila halijilipi lenyewe. Kwa makato ya asilimia 40, ili apate umeme wa 3,000 atanunua wa 5,000, na 2,000 inakwenda kwenye deni. Zile 35,000 zitachukua karibu miezi 18 badala ya 12. Akiwa na mwezi mbaya akanunua wa 1,000, anapata wa 600 tu, na friji haijui kwamba ni mwezi mbaya. Halafu aulize makato yanakwendaje, kwa sababu kuna mpango wa pili ambao kiasi maalumu hukatwa kila mwezi ununue usinunue. Huo ukiruka mwezi mmoja, ununuzi unaofuata unamezwa na makato ya miezi miwili.

Bi Mshonaji
Mimi niko kwenye tokeni yenye makato na simlaumu Tokeni Tu. Kazi yangu haina mshahara. Wiki moja nina pesa, wiki tatu sina. Awamu ya tarehe maalumu ingenishinda mwezi wa pili tu. Mama wa Wawili, hiyo 6,000 unaipata kila mwezi au ni wastani wa miezi mizuri na mibaya?

Mama wa Wawili
Bi Mshonaji umenigusa. Ni wastani. Kuna mwezi napata zaidi, kuna mwezi napungukiwa.

Mpangaji
Samahani kuingilia. Mimi nimehamia nyumba nikakuta deni la mpangaji aliyetangulia, nami naambiwa nisaini awamu. Nisaini?

Mstaafu wa Mita
Usisaini, ndugu. Ukisaini umekiri kwamba deni ni lako. Peleka mkataba wa nyumba unaoonyesha tarehe uliyoingia na usomaji wa mita wa siku hiyo kama unao, na mwenye nyumba ahusishwe. Hilo ni shauri tofauti na la Mama.

Mama wa Wawili
Mzee, nimekagua. Bili tatu za mwisho zina neno "kadirio". Ya mwisho inasema mita iko 22,100. Mita yangu ni ile ya zamani ya magurudumu, inasomeka hata bila umeme. Iko 21,850.

Mstaafu wa Mita
Umefanya vizuri sana. Umetozwa yuniti 250 ambazo mita haijazihesabu. Kama unalipa 20 kwa yuniti, hiyo ni 5,000. Deni ni 43,000, si 48,000. Ukitanguliza 13,000 zinabaki 30,000: miezi 10 kwa awamu, au 15 kwa tokeni.

Piga picha ya mita, tarakimu na namba ya mita vionekane pamoja, na lakiri ionekane haijaguswa. Kwenye barua andika hivi:

"Naomba kurudishiwa umeme na kulipa deni kwa awamu. Nalipa 13,000 sasa, kisha 3,000 kila mwezi kwa miezi 10, pamoja na bili ya kila mwezi. Kiasi cha 5,000 nakipinga kwa kuwa bili zilikadiriwa. Picha ya mita imeambatanishwa. Naomba kiasi hicho kisidaiwe mpaka mita isomwe."

Wakikupa fomu inayosema 48,000, usiisaini hivyo hivyo. Waandike kwamba 5,000 ina pingamizi. Uliza pia ada ya kurudisha umeme inalipwa kando au inatoka kwenye ile 13,000, na kama tozo ya kuchelewa inasimama ukiwa kwenye awamu.

Shemeji Mkopeshaji
Na mkopo je? Unalipa mara moja, unalala.

Bi Mshonaji
Analalaje? Akikopa 30,000 kwa riba ya jumla ya asilimia 10, arudishe kwa miezi sita, ni 5,500 kwa mwezi. Weka bili ya 3,000, ni 8,500. Anahama deni moja kwenda kwa mdai asiyesubiri.

Mama wa Wawili
Nimerudi kutoka ofisini. Barua imepokelewa, nakala yangu imegongwa muhuri wa tarehe. Msimamizi amekubali kumtuma msoma mita, lakini miezi 10 anaiona mirefu, anataka sita. Miezi sita ni 5,000 na bili 3,000, siwezi. Ada ya kurudisha umeme inalipwa kando.

Mstaafu wa Mita
Usikubali sita. Mwombe awamu zipande: 2,000 kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu 4,000 kwa miezi sita. Jumla ni 30,000 kwa miezi tisa. Ila hiyo 4,000 na bili inakupeleka 7,000, kwa hiyo jipime kwanza.

Bi Mshonaji
Mimi bado nasema kwa kipato kinachopanda na kushuka, tokeni. Waulize kama asilimia 40 inaweza kushuka hadi 25.

Mama wa Wawili
Nitauliza yote mawili msoma mita akishapita.