Nyanya za Ilula, mzigo wa Alhamisi

Jumapili, saa 1 usiku

Mjomba Ilula: [Picha: tenga la mbao limejaa nyanya nyekundu hadi juu, jua la mchana]

"NYANYA FRESHI KUTOKA SHAMBANI ILULA!!! Ogani, hazina dawa, bei poa, mzigo wa kutosha. Oda za jumla tunaleta hadi Dar. Njoo inboksi."

Wanangu, someni hayo maneno ya chini ya picha. Nataka kuirusha stetasi usiku huu.

Mdogo wangu Chuo: Shikamoo mjomba. Picha kali! Nipe dakika mbili niongeze rangi, nyekundu ikolee zaidi.

Kaka Mabibo: Shikamoo mjomba. Dogo, usiguse rangi. Mjomba, hizo za kwenye picha ndizo zinazopanda gari Jumatano?

Mjomba Ilula: Marahaba wote. Hapana, hizo nimechuma leo za kuuza hapa barabarani. Za Dar nachuma Jumatano asubuhi, zikiwa zinaanza kugeuka.

Kaka Mabibo: Basi hapo ndipo kwenye tatizo. Mteja anaona nyekundu tupu, Alhamisi anafungua anakuta kijani chenye wekundu kitakoni. Atasema ameuziwa mbichi, na hata ukimweleza atajua unajitetea. Piga picha tatu kwa moja: nyanya iliyoanza kugeuka, ya waridi na iliyoiva, zipange kwenye kiganja. Pembeni weka kreti juu ya mzani namba isomeke. Piga saa 2 asubuhi chini ya mti. Jua la saa saba linaunguza rangi kwenye picha na linachemsha nyanya zenyewe.

Dada Mgahawa: Na moja uikate katikati, mjomba. Sisi wa jikoni tunaangalia nyama. Yenye maji mengi mchuzi wake hauishi kukauka.

Mama Mdogo Tabata: Kreti? Kaka, kreti ya soda inaingiza nyanya gani na vile vyumba vya chupa?

Mjomba Ilula: 😂 Siyo ya soda, mdogo wangu. Lile kreti la plastiki la matundu, la matunda.

Shemeji Fuso: Mjomba, kwa upande wa gari tenga ni nafuu. Tenga la kilo 40 nauli 5,000. Kreti la kilo 20 ni 3,500. Piga hesabu: kwenye tenga kila kilo inasafiri kwa shilingi 125, kwenye kreti 175.

Kaka Mabibo: Nauli umesema kweli shem, lakini hesabu haijaisha. Tenga ni refu, nyanya za chini zinabeba kilo zote za juu yake kuanzia Kitonga hadi huku, na matuta ya pale mbugani Mikumi yanamalizia. Kwa tenga moja unaokoa 2,000 ya nauli. Zikipondeka kilo tatu tu, kwa 1,300 kila kilo, umepoteza 3,900. Na iliyopasuka inalowesha jirani zake, ukichelewa kuchambua siku moja unakuta zimeoza sita badala ya moja.

Shemeji Fuso: Kwa umbali huu sawa. Lakini anayepeleka Iringa mjini apakie tenga tu, pale ni karibu.

Kaka Mabibo: Hapo sibishi.

Mjomba, tenga lina ubaya mwingine: halina kilo moja. Kila fundi ana kipimo chake, na wengine wanapandisha kichwa juu kama lumbesa. Mgahawa ukisoma "tenga bei poa" haujui uilinganishe na nini. Andika "kreti, kilo 20 bila uzito wa kreti".

Mjomba Ilula: Nikipima 20 hapa, huko inafika 20?

Kaka Mabibo: Haifiki. Nyanya inapoteza maji njiani usiku kucha. Pima kreti tupu kwanza, rudisha mzani kwenye sifuri, halafu jaza 20 na nusu. Ishie vidole viwili chini ya mdomo wa kreti. Ukipandisha ikapita mdomo, kreti la juu linakalia nyanya badala ya kukalia kreti lenzake.

Mjomba Ilula: Vikonyo natoa?

Kaka Mabibo: Vyote. Kikonyo kikikauka kinatoboa ya jirani kama msumari. Na usizioshe. Vumbi linafutwa kwa kitambaa kikavu, maji yanapeleka uozo kwenye kila mchubuko.

Mdogo wangu Chuo: Ila neno "ogani" liache, mjomba. Watu wa mjini ndilo wanalolitafuta.

Mjomba Ilula: Nimepiga dawa ya ukungu, mwanangu. Na wadudu wa kantangaze walipoingia nikapiga tena.

Dada Mgahawa: Basi "hazina dawa" itoke. Mimi nikiuliza halafu nikasikia hilo kwa mtu mwingine, sinunui tena.

Mjomba Ilula: Ya mwisho nilipiga Jumatatu iliyopita. Kwenye kibandiko wameandika subiri siku 7 kabla ya kuchuma. Jumatano zinakuwa tisa.

Kaka Mabibo: Andika hivyo hivyo. "Dawa ya mwisho siku 9 kabla ya kuchuma, kibandiko kinataka 7." Anayejua ataelewa, na asiyejua atauliza.

Mdogo wangu Chuo: Sawa, nimekubali. Lakini mjomba, bei iweke. "Njoo inboksi" watu wanapita.

Kaka Mabibo: Hapo dogo umenena. Ila iwe bei ya mzigo wa Alhamisi hii peke yake. Ukiandika bei bila siku, mtu atakuletea picha hiyo baada ya wiki tatu soko limepanda.

Mjomba Ilula: Nimepanga 26,000 kwa kreti likifika Mabibo. Shamba 22,000, nauli 3,500, kushusha 500.

Dada Mgahawa: Mjomba, mimi natumia sado tatu kwa siku. Nichukue kreti ngapi?

Kaka Mabibo: Sado yako unajaza na kichwa?

Dada Mgahawa: Kidogo.

Kaka Mabibo: Tuseme inakaribia kilo tatu. Kwa siku unatumia kama kilo nane. Mjomba anachuma Jumatano na Jumapili, mzigo unafika Alhamisi na Jumatatu. Alhamisi hadi Jumapili ni siku nne, kilo 32. Chukua kreti mbili. Moja ya zilizoiva, unaanza nayo siku hiyo hiyo. Ya pili ya zinazogeuka, itakuwa tayari Jumamosi au Jumapili. Zikibaki kilo nane unaingia nazo Jumatatu, gari likichelewa huhangaiki.

Dada Mgahawa: Hizo zinazogeuka naweka kwenye friji?

Kaka Mabibo: Usiweke! Nyanya isiyoiva ikipigwa baridi ya friji haigeuki vizuri tena, inabaki na mabaka na haina ladha. Iliyoiva kabisa ndiyo unaweza kuiweka siku mbili tatu. Zinazogeuka zitandaze kivulini, penye upepo. Wala siyo kwenye stoo ya bati. Joto likizidi nyuzi 30 wekundu hautoki, inaishia njano ya machungwa na kulegea.

Mjomba Ilula: Ndiyo maana wengine wananiambia zimegoma kuiva!

Kaka Mabibo: Wengi ni bati hilo. Siyo wote.

Mama Mdogo Tabata: Mimi nataka kilo mbili tu kaka. Hizo kreti mbilimbili nampelekea nani?

Dada Mgahawa: Mama mdogo, tafuta majirani watatu pale kwenu. Kreti moja mkigawana nne ni kilo tano kila mmoja, 6,500.

Mama Mdogo Tabata: Kilo tano zitaniozea. Labda tuwe sita. Ngoja niulize kwenye kikundi cha mtaa.

Mjomba Ilula: Oda ndogo kabisa niandike ngapi? Nilifikiri kreti tano.

Kaka Mabibo: Anayekuja kuchukua mwenyewe Mabibo, kreti moja inatosha. Wa kupelekewa waanzie tatu, kwa sababu bajaji haipunguzi nauli kwa kuwa umebeba kreti moja. Kuanzia 20 tunakodi kirikuu. Nauli ya kutoka Mabibo iwe juu ya mteja, iandike wazi, vinginevyo kila mtu atadhani "tunaleta hadi Dar" ni hadi mlangoni Mbagala.

Mjomba Ilula: Mwisho wa kupokea oda?

Kaka Mabibo: Jumanne saa 6 mchana. Jioni unajua kreti ngapi za zilizoiva na ngapi za zinazogeuka. Ukipokea oda Jumatano saa 4, utachuma chochote kilicho karibu na mkono.

Shemeji Fuso: Mimi nataka mzigo uwe juu ya gari saa 11 jioni. Nikikuta foleni kwenye mzani Vigwaza, kufika kunasogea. Usiandike saa 11 alfajiri, andika "kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi".

Dada Mgahawa: Na malipo? Mimi sitoi hela kabla sijaona nyanya.

Mjomba Ilula: Na mimi sichumi kreti 30 bila hela mkononi. Mtu akizima simu nabaki nazo.

Kaka Mabibo: Weka nusu kwanza, nusu akipokea.

Dada Mgahawa: Nusu ni 26,000 kwa kreti zangu mbili. Kwa mjomba nitatoa. Mteja asiyemjua hatoi.

Mjomba Ilula: Basi wateja wapya watoe robo. Nitajaribu wiki hii nione.

Mdogo wangu Chuo: Haya, nimeyakusanya:

"Nyanya za Ilula, mzigo wa Alhamisi. Zinachumwa Jumatano asubuhi, zinafika Mabibo Alhamisi kati ya saa 12 na saa 3. Chagua: zilizoiva (tumia ndani ya siku 2) au zinazogeuka (tayari baada ya siku 2 au 3, weka kivulini, usiweke kwenye friji). Kreti ni kilo 20 bila uzito wa kreti, 26,000 ukichukua Mabibo, bei ya Alhamisi hii tu. Kupelekewa ni kuanzia kreti 3, nauli ya mteja. Dhamana ya kreti 10,000, inarudi ukirudisha kreti. Dawa ya mwisho siku 9 kabla ya kuchuma, kibandiko kinataka 7. Mwisho wa oda Jumanne saa 6 mchana. Taja idadi, aina na mtaa."

Kaka Mabibo: Safi. Mjomba, zilizopondeka nani anabeba? Mimi nasema mteja achambue palepale mbele ya aliyeleta, zilizopasuka zipimwe, hela yake ikatwe kwenye malipo yaliyobaki.

Mjomba Ilula: Na aliyeziacha juani hadi jioni ndipo anapiga simu?

Kaka Mabibo: Huyo hapana. Palepale tu.

Shemeji Fuso: Kwani gari likipata pancha Mikumi zikapikwa na jua, ni la mkulima au la dereva?

Mjomba Ilula: Shemeji, hilo tuongee pembeni.

Mama Mdogo Tabata: Tumepatikana watano. Kreti moja, zinazogeuka. Dhamana ya kreti nani anaiweka, mimi?

Shemeji Fuso: Kreti tupu 30 ninazo kwenye gari, Jumanne usiku napita Ilula. Nani atakuwa barabarani kuzipokea?