Naomba ushauri: barua ya ajali kwa kampuni ya bima, nahofia watanikatalia

Baba Shamsa
Assalaam aleikum ndugu zangu. Alhamisi jioni Premio yangu iliingia nyuma ya lori la matoke kwenye barabara ya Masaka, kati ya Buwama na Kammengo, ikielekea Kampala. Nina bima kubwa. Kampuni inataka barua pepe yenye saa, mahali, jinsi mambo yalivyofuatana, na picha. Niliandika kwa Kiswahili, mpwa wangu akageuza Kiingereza. Maneno yangu ni haya:

"Alhamisi saa 1:10 nilikuwa naelekea Kampala kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Lori lililokuwa mbele lilisimama bila kuwasha taa. Akakanyaga breki, akakata kulia, lakini upande wa kushoto wa mbele ukagonga kona ya kulia ya lori. Hakuna aliyeumia. Picha sita nimeambatanisha."

Imekaa sawa? Toka Alhamisi sijalala vizuri.

Fundi Ndeeba
Pole sana mzee. Langu ni moja: usiguse hiyo gari mpaka mkadiriaji wao aje kuiona. Wateja wangu wengi hunyoosha bodi kwanza, halafu wanadai. Wakiulizwa vyuma vilivyotolewa viko wapi, vimeshauzwa.

Mama Rehema, Arua
Mimi boda ilinigonga sokoni mwaka juzi, nikavunja kioo cha pembeni na simu. Kijana alikimbia. Je, na mimi naweza kudai? Sina bima kubwa, nina ile ya stika tu.

Fundi Ndeeba
Mama, ile ya stika humlinda unayemuumiza wewe. Kioo chako haikitazami.

Nahodha wa Jinja
Baba Shamsa, kanuni ya kwanza ya ajali ni kutokubali kosa. Futa habari ya mwendo, futa habari ya breki. Andika "tuligongana", basi. Ukieleza sana unajifunga mwenyewe.

Kalamu ya Madai
Nahodha, uko nusu ya njia. Mwenye lori usimwambie "kosa langu" wala usimwahidi pesa, maana hapo unaifunga kampuni kabla haijachunguza. Lakini kampuni yako mwenyewe huifichi kitu. Nimekaa miaka kumi na moja kwenye dawati la madai hapa Kampala. Barua ya "tuligongana" hurudishwa na maswali ishirini.

Baba Shamsa, kinachonisumbua ni saa. Picha zilipigwa saa ngapi?

Baba Shamsa
Simu inaonyesha 19:24 ya kwanza, 19:31 ya mwisho.

Kalamu ya Madai
Basi ajali ilikuwa saa moja na dakika kumi jioni. Mpwa wako ameandika 1:10, na msomaji wa Kiingereza ataelewa saa saba mchana. Kwake yeye picha zimepigwa saa sita baada ya ajali. Hapo mchunguzi anaanza kujiuliza gari lilikuwa wapi mchana kutwa. Andika 19:10, na kwenye fomu uandike hivyohivyo. Kosa hili naliona kila mwezi, kwa watu wakweli kabisa.

Na picha zitume zenyewe kutoka kwenye simu, kama viambatanisho. Ukizipitisha kwanza wasapu kwa njia ya kawaida zinapunguzwa, na ile saa iliyoandikwa ndani ya faili inapotea. Zikizidi megabaiti 25, gawanya barua mbili.

Mwana wa Kibuli
Samahanini, mimi hadithi hii siiamini. Someni tena. "Nilikuwa naelekea." Halafu "akakanyaga breki, akakata kulia." Nani huyo aliyekanyaga? Mtu anayekumbuka mguu wake juu ya breki hasemi "akakanyaga". Aidha ajali haikutokea, au huyu bwana hakuwemo garini.

Nahodha wa Jinja
Kweli! Na mbona hasemi aliliona lori kwa umbali gani?

Mama Rehema, Arua
Mwacheni, mtu ana mshtuko. Mimi nilipogongwa sikujua hata jina langu.

Kalamu ya Madai
Baba Shamsa, nani alikuwa anaendesha?

Baba Shamsa
Mdogo wangu. Mimi nilikuwa nyumbani, akanipigia simu, nikafika saa mbili na nusu. Picha alipiga yeye.

Msinihukumu haraka. Pamiti yake iliisha wiki tatu zilizopita, na ameendesha miaka tisa bila kugonga hata kuku. Gari ni langu, bima nalipa mimi. Nikijiandika mimi, nani anaumia? Tena nimeshaituma, leo asubuhi.

Mwana wa Kibuli
Nilijua.

Fundi Ndeeba
Gari halina udugu, mzee wangu. Mimi mtoto wangu wa kuzaa simpi ufunguo kabla ya kuona pamiti.

Kalamu ya Madai
Askari walifika?

Baba Shamsa
Walifika kabla yangu. Walichukua jina lake na pamiti. Nilifikiri nikazungumze nao.

Kalamu ya Madai
Usiende. Kampuni itaomba ripoti ya polisi, na jina la dereva limo. Itaomba pia nakala ya pamiti ya aliyeendesha. Barua yako inasema wewe, ripoti inasema yeye. Mkadiriaji hahitaji ujanja wowote, anaweka karatasi mbili sambamba tu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Tafuta kitabu cha mkataba, siyo stika, usome sehemu ya dereva. Mikataba mingi ya magari ya binafsi huku kwetu inasema dereva awe na pamiti, au awe aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuipata. Ikiwa wako una maneno hayo, pamiti iliyoisha wiki tatu huenda isiue dai. Kinachoua dai ni uongo kuhusu dereva. Umechukua kosa linaloweza kupona, ukalifunika kwa lisilopona.

Nahodha wa Jinja
Lakini polisi si watamtoza faini kwa pamiti?

Kalamu ya Madai
Hilo ni la kwake na polisi. Usilichanganye na bima.

Baba Shamsa
Kitabu kiko kwa wakala, kesho nitakichukua. Fomu bado sijaisaini. Niandikeje?

Kalamu ya Madai
Leo hii, jibu juu ya barua ileile, usianzishe mpya. Kitu kama hiki:

"Narekebisha barua yangu ya asubuhi. Dereva alikuwa mdogo wangu, kwa ruhusa yangu, mimi sikuwemo. Pamiti yake ilikuwa imeisha wiki tatu kabla. Ajali ilitokea saa 19:10, giza likiwa limeingia. Kwa maelezo yake, lori lilikuwa limesimama, nusu likiwa juu ya lami, bila taa za nyuma wala pembetatu. Aliliona likiwa umbali wa mita kama 25, akakanyaga breki, akakata kulia."

Mita 25 nimeweka mfano, umuulize yeye. Usiseme lilisimama ghafla kama alilikuta limesimama. Kisha kila picha iandikie mstari mmoja: hii ni nyuma ya lori na namba yake, hii ni alama za matairi kwenye lami, hii ni stika ya bima ya lori. Iwepo moja ya mbali inayoonyesha barabara na kitu kinachotambulika.

Baba Shamsa
Nimemuuliza. Anasema lilikuwa limesimama, na aliliona likiwa karibu mno, labda mita 20. Picha ya mbali hakupiga. Stika ya lori inaonekana nusu.

Kalamu ya Madai
Tuma ulizonazo. Usirudi Buwama kupiga nyingine ukazichanganya na hizi. Ukirudi, sema umerudi lini.

Baba Shamsa
Nimetuma saa 16:42. Mdogo wangu amekasirika, anasema nimemuuza. Kampuni bado haijajibu.

Mama Rehema, Arua
Allah akufanyie wepesi. Na kile kioo changu jamani, hakuna namna kabisa?