Ng'ombe wa Mama Glory hainuki (kikundi cha majirani, Kibosho)

*Jumanne*

Mama Glory: Shikamooni wakubwa. Ng'ombe wangu kazaa jana jioni. Saa 8 usiku nimemkuta kalala, masikio ya baridi. Daktari kaja saa 12 asubuhi, kamtundikia chupa ya kalsiamu, ikaingia polepole kwenye mshipa. Sasa ni saa 6 mchana, kachangamka, anakula majani, ila hainuki.

Shangazi Rose: Pole. Wangu kondo la nyuma lilikaa siku 2.

Mama Glory: Kondo limetoka shangazi, shida ni miguu.

Babu Mifugo: Marahaba mwanangu. Kalala kwenye nini?

Mama Glory: Zege, babu.

Babu Mifugo: Basi homa ya maziwa, ule upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa, imepoa, sasa anaumizwa na uzito wake. Paja la chini linabanwa, damu haipiti, nyama na mishipa ya fahamu vinaanza kufa ndani. Kwenye zege saa chache zinatosha. Mtoeni leo hii.

Baba Eliya: Tupitishe kamba tumboni tumning'inize kwenye boriti mpaka miguu ikaze.

Babu Mifugo: Kumwinua kunafaa Baba Eliya, ila dakika chache tu, na awe anakanyaga mwenyewe. Akining'inia anabanwa pumzi. Mviringisheni juu ya turubai, mvute turubai, msimvute shingo wala miguu. Mpelekeni kwenye udongo chini ya migomba, mwageni maranda na majani makavu ya migomba mpaka ukipiga goti usiguse ardhi ngumu.

Mama Glory: Tumemtoa, watu 7. Ananilalia kiubavu.

Babu Mifugo: Hapana, atajaa gesi. Akalie kifua, mwegemezee kiroba cha pumba begani. Kila saa 3 mgeuze, usiku pia: vuta mguu wa nyuma uliokuwa chini utokee upande wa pili. Maji kwenye beseni, usimnyweshe kwa chupa, yataingia mapafuni.

*Alhamisi*

Mama Glory: Usiku wa jana Baba Eliya kageuza zamu ya saa 9, Mungu ambariki. Asubuhi kainua matako, magoti ya mbele yakabaki chini, miguu ya nyuma ikateleza na kutanuka.

Babu Mifugo: Anayejaribu ana nafasi. Mfunge miguu ya nyuma kwa kitambaa kipana juu ya kwato, iachane kama sentimita 60. Na daktari amrudie, kalsiamu inaweza kushuka tena.

Baba Eliya: Mchinjaji kanipigia, anataka jibu leo.

Babu Mifugo: Wengi wanaoinuka huinuka ndani ya siku 4 hivi. Nimeona wa siku ya 9, mmoja tu. Akiacha kula, akatupa kichwa nyuma, au vidonda vikafika mfupani, msimtese. Kama kachomwa dawa nyingine, muulizeni daktari kwanza kuhusu nyama.

Mama Glory: Mchinjaji asubiri. Kamaliza beseni zima la maji sasa hivi. Nani ana zamu ya saa 6 usiku?

Shangazi Rose: Nakuja na kijana wangu.